Barua ya mwenye nyumba Quebec: ukinyamaza, umekubali

Kama unapanga nyumba Montreal, Gatineau, Sherbrooke au kwingineko katika jimbo la Quebec, na mkataba wako unaisha Juni 30 kama mikataba ya watu wengi hapa, jiandae. Kati ya mwanzo wa Januari na Machi 31 mwenye nyumba anaweza kukuletea barua ya kurefusha mkataba kwa masharti mapya. Kwa mkataba wa mwaka mmoja, sheria inamtaka aipeleke miezi mitatu hadi sita kabla haujaisha. Asipoipeleka ndani ya muda huo, mkataba unajirefusha wenyewe kwa pango lile lile na masharti yale yale. Akiipeleka, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi.

Mwezi huo ukipita hujajibu, sheria inahesabu kwamba umekubali kila kitu kilichoandikwa mle. Naandika haya hasa kwa ajili ya kifungu hicho, na nitakirudia, kwa sababu kimewaumiza jirani zangu Wakongo na Warundi, na kimeniumiza mimi.

Barua yangu ilifika mwanzoni mwa Februari 2025. Nilikuwa nalipa dola 1,150 kwa mwezi, gharama ya kupasha nyumba joto ikiwa ndani ya pango. Pango jipya lilikuwa 1,290, na chini kabisa, kwa maandishi ya kawaida kama vile ni jambo dogo, kulikuwa na mstari unaosema kuanzia Julai gharama ya joto ni ya mpangaji. Kisha visanduku viwili vya kuweka alama: nakubali, au naondoka Juni 30. Nilitakiwa kujibu kabla ya Februari 15.

Sikutaka kukubali, wala sikuwa na mpango wa kuhama. Nikamwona mwenye nyumba kwenye ngazi, nikamwambia pango hilo ni kubwa mno na joto sitaliweza. Akatabasamu, akasema tutaongea. Tukaongea tena siku nyingine, kwa upole ule ule. Mwezi ulipokwisha nikapata barua ya pili: kwa kuwa hakupokea jibu la maandishi, mkataba umerefushwa kwa masharti mapya. Nilikwenda kuuliza kwa watu wanaojua sheria za nyumba, wakaniambia yuko sahihi. Mazungumzo ya ngazini hayakuhesabiwa.

Sasa sikia ambalo ile barua haikuniambia. Mpangaji wa Quebec ana majibu matatu, si mawili. Anaweza kukubali masharti mapya na kubaki. Anaweza kuondoka mkataba unapoisha. Na anaweza kukataa masharti mapya na bado akabaki nyumbani kwake. Hilo la tatu ndilo linaloachwa nje ya barua nyingi. Kisanduku kisipokuwepo kwenye karatasi ya mwenye nyumba, haki haijafutika. Unachukua karatasi yako na kuandika kwamba unakataa mabadiliko yaliyopendekezwa na kwamba unarefusha mkataba, basi. Huhitaji kutoa sababu. Tovuti ya Tribunal administratif du logement, chombo kinachoamua kesi za nyumba hapa, ina fomu ya jibu yenye visanduku vyote vitatu, na unaweza kuitumia hata kama mwenye nyumba amekuletea ya kwake.

Ukikataa, mzigo unahamia kwake. Ana mwezi mmoja tangu apokee jibu lako kwenda kwenye hiyo tribunali kuomba ipange pango au iamue kuhusu sharti jipya. Asipokwenda, mkataba unaendelea kama ulivyokuwa. Hawezi kukufukuza kwa sababu umekataa nyongeza. Mtu akikuambia "kama hutaki, toka", anakuambia jambo ambalo sheria haisemi, ila katika hali moja nitakayoieleza.

Linganisha na niliyopoteza. Kutoka 1,150 hadi 1,290 ni nyongeza ya dola 140 kwa mwezi, zaidi kidogo ya asilimia 12. Mwaka huo wa 2025 makadirio ya tribunali kwa nyumba isiyolipiwa joto na mwenye nyumba yalikuwa asilimia 5.9, na watu walilalamika kwamba ni kubwa kuliko walivyozoea. Hata kwa asilimia hiyo ningeongezewa kama dola 68. Tofauti ya dola 72 kila mwezi inafika dola 864 kwa mwaka, na hapo sijahesabu bili ya umeme wa hita, ambayo Januari na Februari ya hapa haina huruma. Ndiyo maana nakuomba usome barua mpaka mstari wa mwisho. Pango linasomwa na kila mtu. Kinachoponyoka ni joto, maegesho ya gari, stoo ya chini, mashine ya kufulia, nani atazoa theluji. Vyote hivyo ni masharti, na vyote unaweza kuvikataa kwa jibu lile lile.

Kuhusu tarehe: mwezi wako unahesabiwa tangu siku uliyoipokea barua, si tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na mwenye nyumba hawezi kuufupisha kwa kuandika "kabla ya Februari 15". Hata hivyo usicheze na siku za mwisho. Ukipokea barua, andika tarehe ya kupokea pale pale juu ya bahasha, ipige picha, na jibu ndani ya wiki.

Jibu lazima liache ushahidi. Barua ya rejista ya posta inatosha. Ukimpa mkononi, awe na nakala ya kukusainia kwamba amepokea, pamoja na tarehe. Baruapepe inafaa ikiwa mmezoea kuandikiana kwa njia hiyo na amekujibu kwamba ameipata. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, salamu za kupitia mlinzi wa jengo, au neno la kwenye simu, achana navyo.

Kuna hali inayoyabadilisha haya yote. Fungua mkataba wako, tafuta sehemu F. Kama jengo halijatimiza miaka mitano tangu likamilike, au ni la ushirika, na sehemu hiyo imejazwa, basi tribunali haitakusaidia kupanga pango, na hapo ukikataa nyongeza itabidi uhame. Wengi wetu tunavutwa na majengo mapya yenye lifti na vigae vinavyong'aa, na hatuangalii sehemu F mpaka mwaka wa pili.

Kuna pia mkanganyiko wa sheria mpya. Tangu Februari 2024, mwenye nyumba akikupa notisi ya kukuondoa ili aigawe nyumba au aipanue, na wewe ukinyamaza, unahesabiwa umekataa kuondoka. Habari hiyo ilizunguka sana kwenye makundi yetu, na sasa nasikia watu wakisema "Quebec ukinyamaza unalindwa". Hapana. Hiyo ni notisi ya kuondolewa. Kwenye barua ya nyongeza ya pango mambo ni kinyume: ukinyamaza, umekubali. Barua mbili zinazofanana kwa sura, na kimya kina maana mbili tofauti.

Najua ndugu zetu waliotutangulia huku wana ushauri wao. Shangazi zangu, kwa mapenzi yao yote, waliniambia nisigombane na mwenye nyumba, nimpelekee chapati, atanionea huruma. Nyumbani hiyo ni hekima. Ukiwa umelipa miezi sita mbele Dar es Salaam au mitatu Bujumbura, uhusiano wako na mwenye nyumba ndio mkataba wako halisi, na anayeenda na karatasi anaonekana mgomvi. Lakini shangazi, hapa kukataa kwa barua si ugomvi. Mwenye nyumba wangu alipopata barua yangu ya rejista mwaka uliofuata, alinisalimia kama kawaida. Yeye mwenyewe alikuwa akitarajia wengine wakatae. Na wewe mjomba unayemwambia kijana aliyefika juzi asaini tu kwa sababu "sisi ni wageni", unamsainisha nyongeza atakayoibeba miaka yote, maana asilimia ya mwaka kesho inahesabiwa juu ya pango la mwaka huu.

Mimi nadhani watu wa Quebec ni wapole kuliko sheria zao zinavyoonekana, na upole huo ndio unaotupoteza. Mtu atakuchekea, atakuuliza habari za watoto, na wakati huo huo anahesabu siku zako kwenye kalenda. Si unafiki. Kwao mazungumzo ni mazungumzo na karatasi ni karatasi, na hawaoni kwamba kimoja kinapaswa kukigusa kingine. Serikali imewapa wapangaji ulinzi ambao ndugu zetu wa Toronto waliohamia majengo mapya wanautamani, ila haimwamshi mtu usingizini aje kuutumia. Naona ni kosa la sheria kwamba kimya cha mpangaji kinamfaidi mwenye nyumba. Kungekuwa na haki zaidi kama barua isiyotaja majibu yote matatu isingehesabiwa kabisa.

Barua ya 2026 ilitaka dola 1,390 juu ya zile 1,290. Mwaka huo kiwango cha msingi cha tribunali kilishuka hadi asilimia 3.1, kabla ya kuongeza ukarabati mkubwa na mambo kama hayo. Nikapiga hesabu: asilimia 3.1 ya 1,290 ni karibu dola 40. Nikapeleka kukataa kwa rejista, kisha nikakubali kukutana. Angalia mpangilio huo: kwanza kataa kwa maandishi, ndipo muongee. Ukianza na maongezi, siku zinakwenda. Tulikubaliana 1,330, tukaandika, tukasaini wote wawili, nakala moja yake, moja yangu. Asingekubali, angekwenda tribunali ndani ya mwezi wake na ningesubiri uamuzi. Huo unaweza kutoka baada ya Julai, na pango lililoamuliwa linahesabiwa tangu mwanzo wa mkataba mpya, kwa hiyo anayesubiri aweke akiba ya tofauti.

Ukiwa unataka kuhama na mwenye nyumba hajakuletea barua yoyote, ni wewe unayepaswa kumwandikia, miezi mitatu hadi sita kabla. Usipofanya hivyo umejifunga mwaka mwingine.

Na wanaosafiri. Msiba ukitokea Goma au Mombasa mwezi wa pili, unaondoka siku hiyo hiyo na sanduku la barua linabaki. Mpe mtu ufunguo wa sanduku, mwambie afungue kila bahasha ya mwenye nyumba na akupigie picha. Jibu lako unaweza kuliandika ukiwa huko na kulituma kwa baruapepe, au mtu uliyempa mamlaka kwa maandishi akalipeleka kwa rejista. Tribunali inaweza kumwondolea mtu athari za kuchelewa akiwa na sababu ya maana, basi tunza tiketi na cheti cha kifo, lakini ufunguo mpe kabla hujaondoka.