Kuhamisha fedha kati ya simu na benki

Muamala huanzia pale fedha zilipo. Mfanyabiashara wa zabibu wa Dodoma anayetaka kupeleka shilingi 200,000 kutoka M-Pesa kwenda akaunti yake ya NMB hupiga *150*00#, huchagua huduma ya kupeleka fedha benki, huingiza namba ya akaunti na kiasi, kisha huweka namba ya siri. Akizirudisha kwenye simu, huanza na menyu ya benki, *150*66#.

Kwa kawaida fedha hufika ndani ya dakika chache, hata usiku. Ujumbe wa makato ukifika na salio la upande wa pili lisiongezeke, tafadhali usirudie muamala, kwani mtandao ukitulia miamala yote miwili huweza kupita. Tunza namba ya kumbukumbu na uipeleke huduma kwa wateja ya upande uliokata.