Kabla ya kunakili cheti cha dawa kilichoandikwa kwa mkono

Anayenakili cheti cha daktari ili ndugu aliye mjini akanunue dawa, aanze kwa kukipiga picha kizima, pamoja na tarehe, jina la mgonjwa na mhuri, na picha hiyo iende sambamba na maandishi yake. Mfamasia atauliza cheti chenyewe, na ana haki ya kuuliza.

Katika kunakili, andika herufi unazoziona tu. Palipofifia weka alama ya kuuliza, usikamilishe neno kwa sababu linafanana na dawa uliyowahi kuisikia. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1980, daktari aliandika Amoxil, ambayo ni amoksisilini ya kutibu maambukizi, naye mfamasia akasoma Daonil, dawa ya kushusha sukari. Mgonjwa hakuwa na kisukari. Sukari yake ilishuka mno hadi ubongo ukadhurika. Mahakama iliwabebesha lawama wote wawili, sehemu kubwa ikimwangukia mfamasia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba cheti chenyewe kilikuwa na onyo. Kiliagiza miligramu 250, mara tatu kwa siku, vidonge 21, yaani dozi ya siku saba. Kidonge cha Daonil kwa kawaida ni cha miligramu 5, na mara nyingi humezwa mara moja kwa siku pamoja na kifungua kinywa. Kwa hiyo nguvu ya dawa, idadi ya mara na muda wa dozi vinakiliwe vilevile vilivyo, hata kama jina halisomeki, kwa kuwa ndivyo vinavyoweza kulikanusha jina lililosomwa vibaya. Nukta nayo iangaliwe kwa makini: 5.0 ikipoteza nukta huwa 50.

Hata hivyo, tarakimu zikikubaliana na jina, hilo bado si uthibitisho. Klopromazini, inayotumika kwa magonjwa ya akili, na klopropamidi, ya kisukari, zote zimewahi kutengenezwa kwa vidonge vya miligramu 100. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa, na ni mwandishi wa cheti pekee anayejua alichokusudia.

Unapompigia simu, au kupiga zahanati alikoandikiwa mgonjwa, usiulize, "Daktari, hii ni Amoxil?" Mtu mwenye foleni mlangoni huitikia "ndiyo" upesi. Sema, "Daktari, samahani, jina la dawa ya pili halisomeki, naomba unitajie herufi moja moja, na uniambie ni ya tatizo gani." Kisha msomee tena ulichoandika, pamoja na dozi, asikie mwenyewe. Asipopatikana, mstari huo ubaki na alama yake ya kuuliza na dawa hiyo isinunuliwe kwa kukisia. Ikiwa hali ya mgonjwa hairuhusu kusubiri, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu akaandikiwe upya.