Kumrekodi mtaalamu wa sumukuvu bila kumpoteza mtazamaji: hatua kwa hatua

Mfano wa mwongozo huu ni filamu ya elimu ya dakika 12 kuhusu sumukuvu kwenye mahindi, inayokusudiwa kuonyeshwa kwenye vikundi vya wakulima na wachuuzi wa nafaka wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Mtaalamu ni mmoja, anaongea akiwa ameketi, na sehemu kubwa ya maelezo inabebwa na sauti yake. Kinachoiharibu filamu ya namna hii mara nyingi si kamera. Ni mtaalamu kusema "sehemu kumi kwa bilioni", sura yake ikaendelea kuonekana, na mtazamaji akabaki pale pale kwenye neno hilo huku maelezo yakiendelea bila yeye.

Hatua ya 1: Maneno kwanza

Mpigie mtaalamu simu siku mbili tatu kabla, mwache aeleze mada kwa dakika ishirini, na uandike kila neno ambalo mchuuzi wa soko la mahindi la Kibaigwa hatalielewa. Kisha yagawe. Mengine yaondoe kabisa: "mikotoksini" haina kazi kwenye filamu hii kama unalo neno "sumukuvu". Mengine yana Kiswahili chake cha kawaida, basi mwombe atumie hicho. Yatakayobaki ndiyo yanayohitaji picha. Kwa dakika 12 yasizidi manne. Hapa tuna mawili makubwa: sehemu kumi kwa bilioni, ambacho ndicho kikomo cha sumukuvu kwa jumla kwenye mahindi ya chakula, na unyevu wa asilimia 13.5, ambao mahindi hayapaswi kuuzidi yakienda ghalani.

Hatua ya 2: Kiti, kamera, sauti

Kamera iwe usawa wa macho yake, wewe ukae ubavuni mwa lenzi, na dirisha liwe upande mmoja wa uso. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Ukiacha 1/60, taa za dukani zitakuchorea mistari inayotembea ukutani, nayo haitoki wakati wa kuhariri.

Kwa Dodoma sauti ndiyo inayosumbua zaidi. Kiangazi upepo ni mkali, kwa hiyo usimrekodi nje hata kama mandhari inakuvutia. Maiki ya kifuani ikivalishwa manyoya itapunguza mvumo, lakini haitauondoa. Ndani nako kuna paa la bati: jua likipanda, bati hutanuka na kulia tak, tak, na usipovaa hedfoni hutalisikia mpaka ukae mezani kuhariri. Tafuta chumba chenye dari, anza saa mbili asubuhi, zima feni na friji. Ufunguo wa gari uweke ndani ya friji, hutaondoka bila kuiwasha tena. Mkimaliza, wote mkae kimya sekunde thelathini huku maiki ikirekodi chumba kitupu. Ukimya huo ndio utakaoziba mapengo pale utakapokata maneno.

Hatua ya 3: Kuuliza swali moja mara tatu

Usimwambie mtaalamu "tumia lugha rahisi". Atajibu kama anaongea na watoto, au ataogopa kwamba wenzake watamcheka. Badala yake uliza jambo lile lile kwa namna tatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza: "Dokta, ungekuwa unawaeleza wenzako wa maabara, ungesemaje?" Mwache amwage istilahi zake zote. Jibu hili halitaingia kwenye filamu, lakini linamtoa wasiwasi na linakupa maelezo sahihi ya kulinganishia baadaye.

Pili: "Sasa mama yuko mbele yako na gunia lake, anataka kujua kama awapikie watoto. Mwambie." Hapa sentensi zinafupika zenyewe.

Tatu: "Hiyo kumi kwa bilioni, kwenye gunia lake ni kitu cha ukubwa gani?" Swali hili ndilo linalozaa picha. Hesabu yake ifanyeni pamoja kabla ya kuwasha kamera. Sehemu kumi kwa bilioni ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Gunia la kilo 100 linafikisha mikrogramu 1,000, yaani miligramu moja. Miligramu moja ya chumvi laini ya mezani ni punje kumi na tano hadi ishirini hivi. Kwa hiyo jibu la kutafuta ni kama hili: "Gunia la kilo mia likiwa na miligramu moja tu ya sumukuvu, limeshafika kikomo. Ni uzito wa punje chache za chumvi."

Kuna mtego wa lugha yetu wenyewe ambao hula saa nyingi za uhariri. Kitenzi cha Kiswahili kinajitosheleza, kwa hiyo mtaalamu atajibu: "Haionekani kwa macho, haina harufu, na ukipika haiishi." Sentensi ni nzuri, ila swali lako likishakatwa hakuna anayejua ni nini hiyo isiyoonekana. Ile "ha-i" haina mwenyewe. Kumwambia "rudia swali langu kwenye jibu" husaidia kwa majibu mawili, kisha anasahau. Dawa inayofanya kazi ni kuandika SUMUKUVU kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuishika karibu na lenzi, upande uliokaa wewe, kila unapouliza. Analisoma bila kufikiri: "Sumukuvu haionekani kwa macho."

Vivyo hivyo "hii", "hapo" na "kama hivi". Akisema "yanakuwa kama hivi" huku ameshika mahindi mkononi, piga picha ya kile kiganja kabla hajaondoka. Usipofanya hivyo, sentensi hiyo huwezi kuifunika kwa picha nyingine yoyote.

Tena, usimwitikie. Tumezoea "eeh", "naam", "ndiyo Dokta", maana kumsikiliza mtu mzima kimya ni kama dharau. Mweleze mapema kwamba utaitikia kwa kichwa tu. "Eeh" moja juu ya neno "miligramu" inatosha kukutupia sentensi nzima. Na akimaliza jibu, hesabu moyoni mpaka tatu kabla ya swali linalofuata, kwani mara nyingi huongeza sentensi fupi iliyo bora kuliko zote.

Hatua ya 4: Picha za kufunika

Hizi ndizo mafundi wengi huziita biroli. Zipige baada ya mahojiano, kamwe si kabla, kwa sababu kabla hujui atasema nini. Sikiliza rekodi jioni hiyo hiyo, uandike maneno yake halisi, na kila neno gumu ulipe picha yake. Kila picha ishike sekunde kumi bila kuzungusha wala kuvuta lenzi, kamera ikiwa juu ya tripodi. Picha ya kutembeatembea inakulazimisha uikate pale inapotaka yenyewe.

Kwa "sehemu kumi kwa bilioni" piga gunia zima limesimama, kisha punje za chumvi zikidondoshwa kwa ncha ya kisu juu ya kitambaa cheusi, kwa karibu. Chumvi iwe ile laini, kwa sababu chumvi ya mawe itaipotosha hesabu.

Kwa "unyevu wa asilimia 13.5" ndoo inatosha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu huo lina maji kilo 13.5, karibu lita 13 na nusu. Chukua ndoo ya lita 20 inayopitisha mwanga, ijaze mpaka theluthi mbili, iweke kando ya gunia. Pembeni weka ya pili yenye lita 18, nayo iwakilishe gunia la unyevu wa asilimia 18 ambalo halijakauka. Hapo grafu haihitajiki.

Unaweza pia kuonyesha kipimo cha chupa: mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaacha dakika kumi na tano, na chumvi ikiganda kwenye kuta mahindi bado ni mabichi. Ila kipimo hicho hukamata unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, si 13.5. Mwombe mtaalamu aitamke tofauti hiyo kwa mdomo wake. Asipoitamka, picha hiyo iache, kwa sababu mtazamaji ataona chumvi haijaganda na kulala usingizi na mahindi ya asilimia 14.

Kosa kubwa kuliko yote hapa ni kufunika neno "sumukuvu" kwa picha ya mahindi yaliyooza. Inavutia, ina rangi, na inafundisha uongo. Mahindi yenye ukungu ni ya kutupwa, sawa, lakini sumu yenyewe haionekani, na punje safi kwa macho zinaweza kuwa nayo. Mtazamaji huamini jicho kuliko sikio. Ataondoka akijua kwamba mahindi meupe yako salama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo usilichukulie kama kosa la urembo. Piga bakuli mbili za mahindi yanayofanana kabisa, kisha vijiti viwili vya kupimia sumukuvu vikionyesha majibu tofauti. Ukungu uonyeshe pale tu anapotamka "kuvu".

Hatua ya 5: Kuhariri

DaVinci Resolve ya bure inatosha. Weka sauti nzima kwanza, usikilize ukiwa umefumba macho, ndipo ufunike.

Ile sentensi ya miligramu inakaa hivi. "Gunia la kilo mia" – picha ya gunia, ikianza karibu nusu sekunde kabla ya neno ili jicho liwe limeshatulia sikio linapofika. "Likiwa na miligramu moja tu ya sumukuvu" – bado gunia, usibadilishe. "Limeshafika kikomo" – rudi usoni, kwa sababu hapa anatoa hukumu na watu wanataka kumwona anayeitoa. "Ni uzito wa punje chache za chumvi" – kitambaa cheusi, na ukishike sekunde mbili za kimya baada ya neno la mwisho. Kwenye skrini andika maneno aliyotamka, basi. Akisema "miligramu moja" nawe ukaandika "10 ppb", yaani sehemu kumi kwa bilioni, umempa mtu kazi mbili kwa wakati mmoja na ataacha zote.

Usifunike sura yake sekunde kumi za mwanzo anapotokea, mpaka jina na kazi yake visomwe.

Hatua ya 6: Kupima

Mtaalamu aione filamu kwa ajili ya ukweli tu, si kwa ajili ya mwonekano wake. Kisha muonyeshe mtu anayenunua mahindi, usimweleze chochote, na umuulize maswali mawili: gunia likifika kikomo lina sumu kiasi gani, na utaijuaje kwa macho? La kwanza akijibu "kidogo kama chumvi", picha imefanya kazi. La pili akijibu "yanakuwa meusi", rudi kwenye bakuli zile mbili na uongeze sekunde nne.