Jinsi ya kuombea kibali jaribio la mlo wa ng'ombe kwa mraba wa Kilatini

Unapojaza fomu ya kuomba ng'ombe wa shamba la chuo kwa utafiti, kwenye sehemu ya mpangilio wa jaribio usiishie kuandika "mraba wa Kilatini 4 kwa 4". Chora ratiba yenyewe. Tuchukue mfano wa kupima mashudu ya alizeti: mlo A hauna mashudu, B una kilo 1 kwa siku, C kilo 2, D kilo 3.

Kwanza, taja ng'ombe 4 waliozaa karibu wakati mmoja, wenye miezi ya kutosha kabla ya kukaushwa. Kila ng'ombe atapitia milo yote 4, na katika kila kipindi milo yote itakuwa zizini. Hivyo tofauti za ng'ombe na kupungua kwa maziwa kadiri siku zinavyokwenda haziingii kwenye ulinganisho wa milo.

Pili, weka jedwali. Safu ni ng'ombe, nguzo ni vipindi:

```
      1  2  3  4
Ng1   A  B  D  C
Ng2   B  C  A  D
Ng3   C  D  B  A
Ng4   D  A  C  B
```

Wengi huandika ABCD, BCDA, CDAB, DABC. Nao ni mraba halali, ila humo B hutanguliwa na A kila mara, kwa hiyo masalio ya mlo A yatamwangukia B peke yake. Katika jedwali la juu kila mlo unafuata kila mlo mwingine mara moja.

Tatu, eleza kura. Piga kura ya ng'ombe yupi aingie safu ipi, na mlo upi upewe herufi ipi. Nguzo usizichanganye, maana ule mfuatano utavurugika.

Nne, gawanya siku. Kipindi cha siku 21 kinafaa: 14 za kuzoea mlo, 7 za kupima. Jumla ni siku 84, na hizo ndizo uombe. Pima maziwa hata siku za kuzoea. Yakiwa bado yanapanda au kushuka siku ya 13 na 14, mlo uliopita haujaisha mwilini na muda huo ni mfupi.

Mwisho, onyesha hesabu ya digrii za uhuru: jumla 15, toa 3 za ng'ombe, 3 za vipindi na 3 za milo, zinabaki 6 za kosa. Ni chache, na ng'ombe mmoja akiugua kipindi cha tatu zinapungua tena. Kwa hiyo mimi ningeomba ng'ombe 8, miraba miwili inayokwenda sambamba. Vipindi vikiwa vilevile kwa wote, za kosa zinafika 18. Kamati ikiuliza kwa nini umeongeza wanyama, jibu lako ni hesabu hiyo.