SOMO: Mtu mmoja, sauti nne za katuni, na koo libaki zima

Habari za saa hizi wadau. Wengi wameuliza jinsi ya kurekodi wahusika kadhaa wa katuni peke yako bila kumaliza siku umekauka sauti, nikasema niliandike lote hapa. Natumia hadithi fupi ya kama dakika tatu: Sungura kaiba nyama ya Fisi, anamsingizia Kobe. Kwa hiyo tuna msimulizi, Sungura, Fisi na Kobe.

Kikubwa cha kushika ni kwamba mhusika anatengenezwa zaidi na mdomo na mwendo wa maneno, sauti nyembamba au nzito inakuja kuongezea tu. Wanaoumia koo karibu wote wanafanya kinyume, wanakimbilia kubana koo wapate sauti nyembamba au kulikwaruza wapate nzito.

HATUA YA 1: Jua sauti yako ya kawaida iko wapi

Pakua app yoyote ya kutuni gitaa kwenye simu, ongea kawaida kama unamjibu mtu sebuleni, halafu kwenye sentensi moja vuta vokali katikati uangalie inasoma wapi. Tuseme mwanaume anasoma karibu na Hz 110, hapo ndipo msimulizi anakaa, usimguse. Sungura mpandishe nusu-toni nne au tano (nusu-toni ni hatua moja ya kinanda ukihesabu vitufe vyeupe na vyeusi), yaani kama Hz 139 hadi 147 hivi. Fisi mshushe mbili au tatu, itakuwa kwenye Hz 93 hadi 98. Kobe mwache karibu na msimulizi kabisa, yeye tutamtofautisha na mwendo. Mwanamke anapiga hesabu hiyo hiyo kuanzia kwenye namba yake, ambayo mara nyingi iko karibu na Hz 200.

Najua inaonekana ndogo. Lakini ukiongea dakika ishirini juu zaidi ya hapo misuli ya shingo inaanza kusaidia kazi isiyo yake, na ndo maumivu yanapoanzia.

HATUA YA 2: Badilisha umbo la mdomo

Weka kidole kwenye kile kidude cha kooni. Meza mate, kinapanda. Anza kupiga mwayo, kinashuka. Kikiwa juu sauti inasikika ya mtu mdogo, kikiwa chini ya mtu mkubwa, hata kama noti haijabadilika.

Sungura: tabasamu kweli, vuta pembe za midomo, ulimi usogee mbele karibu na meno, acha sauti ipite puani kidogo. Kile kidude kitapanda chenyewe, wewe usikisukume. Fisi: taya lilegee, midomo isogee mbele kama unataka kusema "u", na koo liwe kama mwanzo wa mwayo. Mwanzo tu, maana ukikishusha kwa nguvu ulimi unakandamiza koo na sauti inakuwa kama ya mtu aliyemezea kitu.

Ule mkwaruzo wa Fisi ambao kila mtu anautaka, usiufanye kooni. Kama una maiki ya upande mmoja (kadioidi) sogea karibu nayo. Kwa msimulizi kaa kama sentimita 20, kwa Fisi njoo mpaka 8 hivi, punguza geini, ongea POLEPOLE na kwa sauti ya chini. Maiki za aina hii zinaongeza besi ukizikaribia, kwa hiyo uzito unaupata bure na wewe unaongea kama unamnong'oneza mtu, ila kwa sauti halisi, siyo mnong'ono wenyewe. Iweke maiki pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo P na B zitapuliza.

HATUA YA 3: Mwendo

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ukitaka mtu mzito wa mwendo vuta silabi hiyo tu na nyingine ziache kawaida. Kobe anasema: "Miimi... nimefiika... saasa hiivi." Ukivuta kila silabi anasikika mgonjwa siyo mzee. Halafu kinachobeba uzee wake zaidi ni kile kimya kabla hajajibu. Fisi anauliza, Kobe ananyamaza kama sekunde nzima, ndo anaanza.

Sungura ni kinyume, anaanza kujibu swali halijaisha: "Mimi? Mimi sijaona nyama yoyote, muulize Kobe, yeye ndiye alikuwa hapa!" Sentensi kama hiyo ukiisukuma yote kwa pumzi moja mwisho wake pumzi imeisha na koo linabana kumalizia "hapa". Chora mkwaju kwenye skripti baada ya "yoyote", pumua hapo kwa mdomo haraka, hata pumzi ikisikika sawa, Sungura ana wasiwasi. Nikipitia skripti ya mtu naanza na hii mikwaju kabla ya kitu kingine chochote.

Mwendo uwe umeamuliwa kabla ya kurekodi, kwa sababu mchoraji anafuata sauti yako kupanga midomo. Ukirudia sentensi wiki ijayo kwa mwendo mwingine michoro yake haitakaa.

HATUA YA 4: Pasha koo kwa mrija

Glasi ya maji, mrija wa soda, uzamishe kama vidole viwili. Toa sauti ya "uuu" kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu, panda na kushuka taratibu kama king'ora, dakika tano zinatosha. Maji yanarudisha mgandamizo kidogo juu ya nyuzi za sauti, zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mashavu yalegee, kama yamekaza umezamisha sana.

Maji ya kunywa yaanze mapema, tangu asubuhi. Maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti (yakipita utakohoa), yanapita kwenye umio, mwili ndio unayapeleka baadaye. Kugida chupa nzima dakika moja kabla ya kurekodi kunakupa tumbo linalonguruma kwenye maiki tu.

HATUA YA 5: Mpangilio wa kurekodi

Usirekodi kwa mfuatano wa hadithi, ukiruka Sungura, Fisi, Sungura, Fisi, koo linahama hama na sauti zinaanza kufanana. Rekodi mhusika mmoja mpaka amalize sentensi zake zote. Mpangilio wangu: msimulizi kwanza, Kobe, Sungura, Fisi, halafu mwisho kabisa kelele na vicheko vyote vya wahusika wote. Kati ya mhusika na mhusika nyamaza dakika tano hivi, piga mrija tena kidogo.

Kwa kila mhusika rekodi sentensi moja ya kumwita, fupi, ile inayokuingiza kwake moja kwa moja. Ya Fisi: "Nani amekula nyama yangu?" Isevu peke yake, na kila ukirudi kurekodi siku nyingine isikilize kwenye hedifoni kwanza, uifuate hadi zifanane. Andika pia umbali wa maiki na geini, maana Fisi wa sentimita 8 na Fisi wa sentimita 20 ni watu wawili tofauti.

Rekodi WAV, kHz 48, kilele kifike karibu na dB -6 kisipite.

HATUA YA 6: Pima koo

Kabla hujaanza imba kamstari ka wimbo wowote wa watoto, juu sana na KIDOGO sana, kama hutaki kuamsha mtoto. Sikiliza. Rudia baada ya Sungura, na tena baada ya Fisi. Kama noti ya juu inachelewa kutoka, inaanza na hewa tupu au inakatika wakati mwanzoni ilitoka, nyuzi zimevimba, simama hapo hata kama imebaki sentensi moja. Kipimo hiki kinakwambia kabla ya maumivu, ndo maana nakithamini.

HATUA YA 7: Ongeza kidogo kwenye Audacity

Kila mhusika traki yake. Sungura akihitaji kuwa mdogo zaidi usirudi kubana koo, rekodi sentensi zake taratibu kuliko unavyotaka, halafu nenda:

```
Effect > Pitch and Tempo > Change Speed and Pitch
Speed Multiplier: 1.12
```

Hiyo inapandisha karibu nusu-toni mbili na kuharakisha kwa asilimia 12 kwa pamoja, inasikika asilia kuliko kupandisha sauti peke yake. Ukizidi hapo sana wote wanaanza kusikika kama kaseti inayokimbia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi ni mdada, sauti yangu nyembamba, Fisi nitamfanyaje? Nikishuka sauti inapotea kabisa.

Jibu: Dada, usikimbizane na noti ya mwanaume. Shuka nusu-toni mbili tu, umbo la mdomo wa "u", karibia maiki, punguza mwendo. Ile sehemu ambayo sauti inaanza kukatika katika kama mlango mkavu ni chini ya uwezo wako, panda hatua moja. Pia angalia mwisho wa sentensi, wengi wanaanza vizuri wakifika neno la mwisho wanaliangusha chini mno.

Swali: Natumia simu, sina maiki. Ile ya kusogea karibu itafanya kazi?

Jibu: Kwa simu nyingi hapana kaka, maiki zake zinasikia pande zote, ukikaribia unapata kupuliza tu. Kaa umbali mmoja kama sentimita 20 kwa wote, ndani ya chumba chenye nguo na godoro, feni imezimwa. Uzito wa Fisi upate kwa kurekodi haraka kidogo kisha ushushe kwa ile efekti ya hatua ya 7, weka 0.90.

Swali: Fisi wangu anapiga kelele na kucheka ukurasa mzima 😩 hapo koo litapona kweli?

Jibu: Kelele ya kwenye maiki haihitaji ukubwa wa uwanja wa mpira. Rudi nyuma hatua moja, geuza uso pembeni, piga kwa kama nusu ya nguvu zako huku uso na mikono ikiigiza kweli. Kicheko kianze na "h" ya hewa, "hha hha", usikianzishe kwa kugonga koo. Mara tatu kwa kila kelele inatosha, chagua nzuri, na kama hadithi ina vicheko vitano tumia viwili ukivikata na kuvipanga tofauti.

Swali: Vipi tangawizi, asali na limao? Na zile pipi za menthol?

Jibu: Chai ya tangawizi na asali inaliwaza koo, kunywa ukipenda, ila haigusi nyuzi za sauti kwa hiyo haizitibu. Limao likikuletea kiungulia liache. Pipi za menthol sishauri kabla ya kurekodi, zinakufanya usihisi maumivu na wewe unayahitaji hayo maumivu yakwambie simama.

Swali: Nilirekodi jumamosi mpaka leo sauti imekwaruza, nanong'ona tu ili nisiongeze. Nifanyeje?

Jibu: Acha kunong'ona kwanza, wengi wakinong'ona wanakaza koo zaidi. Nyamaza, na ukilazimika ongea kawaida kwa sauti ndogo, maneno machache. Usikohoe kusafisha koo, meza mate au kunywa maji. Ikifika wiki tatu haijarudi, au kama unatoa damu, unapumua kwa shida au kumeza kunauma, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi kwa kamera, na katika hali hizo za mwisho usisubiri hata siku moja.