Kabla ya kufuta aya, andika inadai nini
Ukiambiwa sura ya tasnifu ni ndefu mno, usianze kukata maneno. Chukua karatasi, kila aya uipe namba na sentensi moja: inadai nini? Kwa mfano, aya ikihusu visima, usiandike "visima", hiyo ni mada tu. Andika "visima vifupi huchafuka mvua zikianza". Kisha isome orodha peke yake. Aya ya 3 na ya 9 zikidai jambo lilelile, bakiza yenye ushahidi mzito. Iliyohitaji sentensi mbili ina hoja mbili: igawe kwanza, huenda nusu ndiyo ya kutupa. Uliyoshindwa kuiandikia chochote mara nyingi ni pambo, ila aya ya kuunganisha sehemu huonekana hivyohivyo, kwa hiyo iruke kwanza usome uone kama mtiririko unakatika.