Cheti cha London kisikutishe: jinsi ya kuipekua kampuni kabla ya kununua hisa zake mtandaoni

Kama umewahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la uwekezaji, cheti unakijua. Ni karatasi yenye nembo, maneno "Certificate of Incorporation of a Private Limited Company" na namba ya tarakimu nane. Hutumwa mara mtu anapouliza swali gumu, kisha muulizaji huambiwa aache roho mbaya.

Kilichotufikia kwenye kikoba chetu kilikuwa cha kampuni inayochangisha mtaji wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki pwani ya kusini. Hisa zilianzia shilingi 200,000, gawio asilimia 18 kila miezi mitatu, makao makuu London, "imara tangu 2015", mtaji pauni milioni 10. Kazi ya kuhakiki nikapewa mimi, kwa kuwa eti nina bando. Basi hii ndiyo njia yenyewe, na nitakaa zaidi pale palipotupotezea muda na hela.

Anza kwenye daftari lenyewe. Kampuni za Uingereza husajiliwa na Companies House, na mtu yeyote, hata akiwa Mbagala, anaweza kulisoma daftari lao bila kujiandikisha na bila kulipa chochote. Anwani ni hii:

```
find-and-update.company-information.service.gov.uk
```

Iandike mwenyewe, usiitafute. Ukitafuta, zinazotangulia mara nyingi ni tovuti za watu binafsi zenye rangi za kiserikali, zinazouza taarifa zilezile kwa jina la "ripoti kamili". Moja ilikula pauni za kikoba, na ripoti ilipofika ilikuwa kurasa za daftari la bure zilizobandikwa nembo yao. Mwekahazina bado ananidai risiti.

Ndani ya daftari, tafuta kwa namba ya kampuni, si kwa jina. Majina yanafanana mno, na matapeli hupenda jina linalokaribiana na la kampuni kubwa, tofauti ikiwa neno moja tu kama "Holdings" au "Group". Namba haina ndugu. Za England na Wales ni tarakimu nane tupu, za Scotland huanza na SC, za Ireland ya Kaskazini huanza na NI. Ukurasa ukifunguka, linganisha jina na lile la kwenye cheti herufi kwa herufi. Lisipolingana, kazi imekwisha, nenda kapike.

Letu lililingana. Hali ya kampuni iliandikwa "Active", tarehe ya usajili ni ya 2015 kama walivyosema. Hapo ndipo wengi huishia, wanapiga picha ya skrini na kuirusha kundini: "Jamani nimehakiki, iko hai." Neno hilo maana yake ni kwamba kampuni haijafutwa, basi. Halisemi kwamba inafanya biashara, wala kwamba ina senti.

Shuka chini ya ukurasa huohuo uangalie kama kuna sehemu iliyoandikwa "Previous company names". Yetu ilikuwa nayo. Mpaka 2024 kampuni hii ilikuwa na jina jingine kabisa, la mambo ya usafi wa majengo. Kutoka hapo fungua "Filing history", yaani nyaraka zote zilizowahi kuwasilishwa, na uzisome kuanzia chini kwenda juu, ya zamani kwanza. Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, ipe jioni nzima.

Historia ya kampuni yetu ilisomeka hivi. Mwaka 2015 imesajiliwa. Kisha mwaka baada ya mwaka, hesabu za aina moja: "Accounts for a dormant company", yaani kampuni iliyolala, haikuuza wala kununua. Halafu mwaka 2024, ndani ya wiki chache, mfululizo wa fomu: mkurugenzi wa zamani ametoka, mkurugenzi mpya ameingia, anwani imehamishwa, jina limebadilishwa. Kwa aliyezoea, picha hiyo haihitaji mkalimani. Kampuni ilisajiliwa, ikakaa kabatini, ikauzwa kwa mtu aliyetaka umri wake. Kuuza na kununua kampuni ya namna hiyo si kosa kisheria. Lakini "imara tangu 2015" ni miaka ya mtu mwingine, na hao wa samaki walifika 2024.

Kama kampuni ni changa kweli, utakuta hakuna hesabu hata moja. Hilo peke yake si dalili ya wizi, kwa sababu kampuni binafsi hupewa miezi 21 tangu kusajiliwa kabla ya kudaiwa hesabu za kwanza. Ila basi, anayekwambia "hesabu zetu zimekaguliwa London" wakati daftari halina hesabu, mwombe akuonyeshe alizipeleka wapi.

Sasa pauni milioni 10. Hizi zilitusumbua kwa sababu zilikuwa za kweli, kwa maana kwamba zimeandikwa kwenye daftari la serikali. Wajumbe wawili walishaanza kuuza mbuzi. Fungua waraka wa mwisho unaotaja mtaji. Unaweza kuwa fomu SH01 ya kutoa hisa mpya, au fomu ya kwanza kabisa ya usajili, na zote ni za PDF. Tafuta jedwali la "Statement of capital". Kuna mstari wa thamani ya hisa zote, na karibu nao kuna mstari wa kiasi ambacho bado hakijalipwa, umeandikwa "Total aggregate amount unpaid". Kwetu mstari wa kwanza ulisema 10,000,000, na wa pili nao ulisema 10,000,000. Maana yake mwenye hisa ameahidi kuilipa kampuni yake pauni milioni 10 siku ikidai, na mpaka siku ya kujaza fomu hakuwa ametoa hata moja. Mtu anaweza kujiandikia mtaji wowote autakao kwa namna hiyo, na ada ya kuwasilisha fomu haipandi kwa ukubwa wa ahadi.

Anwani usiipuuze, ingawa haihitaji muda mrefu. London kuna majengo yanayotumiwa kama anwani na maelfu ya kampuni, na hilo ni jambo la kawaida hata kwa wafanyabiashara waaminifu. Unachotafuta ni kitu kimoja: sanduku la posta namba 4385 la Cardiff, lenye maneno "Companies House Default Address". Hapo msajili mwenyewe ndiye aliyeihamisha kampuni kwa sababu anwani yake ya awali haikufaa, mara nyingi baada ya mwenye nyumba kulalamika kwamba hao watu hawajui. Ukiliona sanduku hilo, "makao makuu London" ni hadithi.

Utauliza, serikali ya Waingereza inaruhusuje haya? Kwa miaka mingi msajili alipokea fomu kama zilivyojazwa, hakuwa na kazi ya kuchunguza ukweli wake. Kusajili kampuni kwa mtandao kuligharimu pauni 12 hadi Aprili 2024, kisha ikawa pauni 50. Sheria ya 2023 ilimpa msajili meno, na kuanzia tarehe 18 Novemba 2025 wakurugenzi wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao, waliokuwepo wakipewa mwaka wa mpito. Hata hivyo kinachothibitishwa ni kwamba mtu ni yeye. Biashara yake haithibitishwi na yeyote.

Ndiyo maana usajili na ruhusa ni vitu viwili, na ruhusa hutafutwa kwingine. Uingereza, jukwaa linalouza hisa za kampuni kwa umma mtandaoni linahitaji idhini ya mamlaka ya fedha, FCA, na daftari lake liko register.fca.org.uk. Michango ya msiba au ya ada haihitaji idhini hiyo, lakini pakishatajwa hisa au faida, inahitajika. Wenzetu walipobanwa walitoa namba ya FCA, na namba ilikuwepo kweli, ya kampuni ya watu wengine yenye jina la kukaribiana. Waingereza wana jina la mchezo huu: kampuni pacha ya kughushi. Dawa yake ni kuchukua simu na barua pepe iliyoandikwa kwenye daftari la FCA, si ile ya kwenye kampeni, na kuwauliza wenye namba kama mauzo hayo ni yao. Tuliandika, tukajibiwa kwa adabu kwamba hawana biashara ya samaki.

Na kwa kuwa hisa zinauzwa kwa Watanzania, London pekee haitoshi hata kama kila kitu kingekuwa safi. Kampuni ya nje iliyofungua ofisi hapa inatakiwa kuandikishwa BRELA na kupewa cheti cha kuzingatia sheria, na BRELA wana mahali pa kutafuta kwenye ors.brela.go.tz. Kuuza hisa kwa umma ni eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na kuna waraka wa matarajio unaopaswa kuidhinishwa kwanza. Kupokea amana ni eneo la Benki Kuu. Uliza kwa barua pepe, ukitaja jina kamili na namba ya usajili, swali moja tu: je, hawa wana leseni yenu ya kufanya hiki? Swali la "je, kampuni hii ipo?" litakupa jibu la "ndiyo", nalo litarushwa kundini kabla hujanywa chai. Wanaokumbuka DECI wanajua tofauti hiyo. Viongozi wake walipofikishwa Kisutu mwaka 2009, mashtaka yalikuwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Hatua ya mwisho haina gharama na ningetamani watu waanze nayo. Omba namba ya kulipia, iingize kwenye simu, weka kiasi kidogo, na usimame pale jina la mpokeaji linapotokea kabla ya namba ya siri. Kampuni inayouza hisa inapokea hela kwa jina lake lililosajiliwa. Kwetu lilitokea jina la mtu binafsi. Msimamizi wa kundi akaeleza kwamba huyo ni "mhasibu wa kanda", na akaunti ya kampuni iko kwenye matengenezo. Nikamwomba namba ya akaunti hiyo inayotengenezwa, walau tuisubiri, akanitoa kundini.